Ukibadilisha treni na mizigo mizito, anza na lifti

Mara ya kwanza nilipobadilisha treni kwenye stesheni kubwa ya makutano nilikuwa na dakika 12, sanduku la kilo 23, jingine la kilo 15 na begi mgongoni. Kwenye ramani ya njia za treni makutano yale ni kiduara kimoja tu, nikajua ni suala la kuvuka jukwaa. Treni ya pili iliondoka mimi nikiwa bado ndani ya lifti.

Kilichoniponza ni behewa. Nilipanda la mwisho kwa kuwa lilikuwa tupu, kumbe lifti iko upande wa kichwa cha treni. Jukwaa lenye urefu wa mita 200 si mchezo ukiburuta masanduku mawili huku umati unakuja kifuani. Lilinila karibu dakika tano. Siku hizi natafuta kwanza ramani ya stesheni yenyewe, naangalia lifti ya jukwaa nitakaloshukia iko mbele, katikati au nyuma, kisha napanda behewa la upande huo tangu mwanzo. Kuhama mabehewa njiani na mizigo ni mateso matupu.

Halafu lifti yenyewe si moja. Mara nyingi ya kwanza inakupandisha hadi ukumbi wa tiketi, unatembea, ndipo unatafuta nyingine ya kukushusha kwenye njia ya pili. Mabango makubwa ya rangi huelekeza kwenye njia fupi, na njia fupi kwa kawaida ina ngazi. Fuata alama ya lifti au ya kiti cha magurudumu, hata kama inakuzungusha. Lifti iliyoandikwa watu 8 hubeba watatu tu wakiwa na masanduku, nami siku ile niliziacha mbili zijae ziondoke.

Ukikuta lifti mbovu, ngazi za umeme zinafaa kwa sanduku moja unaloweza kulidhibiti kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukishika reli. Wewe kaa chini ya mzigo: ukipanda, sanduku litangulie, ukishuka, utangulie wewe. Ligeuze kidogo lisimame sawasawa kwenye kidato, na unapokaribia mwisho liinue magurudumu yasikwame. Masanduku mawili kwa mpigo, hapana. Omba msaada wa mfanyakazi wa stesheni, maana likiponyoka moja linawazoa walio chini yako.

Kabla hujapita geti lolote, uliza kama tiketi yako inaruhusu kutoka na kuingia tena. Geti la kupitia ni lile pana, si zile nyembamba zinazobana sanduku katikati.

Nilirudi stesheni ileile miezi kadhaa baadaye, mizigo ileile, nikiwa nimepanda behewa la mbele. Dakika 17, mlango hadi mlango. Bado ningeikosa treni ya dakika 12, ila safari hiyo nilikuwa nimekata mapema tiketi ya treni inayofuata baada ya hiyo.