Kapasita za Karakana ya Mbao: Hesabu Kabla ya Duka

Kabla ya kununua kapasita, angalia bili yako iko daraja gani. Mteja wa TANESCO wa T1 hulipia uniti tu, kwa hiyo pawa fakta mbovu, yaani sehemu kubwa ya umeme unaovutwa kutofanya kazi, haimwongezei bili, na vile viboksi vya kuchomeka ukutani havitampunguzia kitu. Aliye T2 hulipia uniti, halafu hulipia pia kVA ya juu aliyofikia mwezi huo, yaani kilele cha umeme wote aliovuta, wa kazi na usio wa kazi. Huyo ndiye kapasita itamrudishia hela.

Mota huvuta umeme wa kazi (kW) na umeme wa kutengeneza sumaku (kVAr). Huo wa pili haukati mbao, unakwenda na kurudi tu kati ya transfoma na mota, na waya zinaubeba bure. Kapasita huutoa hapo hapo karakana, usivutwe tena kutoka kwenye laini. Mota kubwa isiyo na mzigo inauvuta karibu kama yenye mzigo, ndiyo maana randa linalozunguka tupu huharibu pawa fakta.

Tuchukue karakana moja ya Tabora mjini inayopasua mninga. Siku ya kazi nyingi tulisoma mita asubuhi na jioni, tukagawa kVArh kwa kWh tukapata 1.02, yaani pawa fakta 0.70. Mzigo ulikuwa 60 kW, kwa hiyo kVA zilifika 86. Tukalenga 0.95, ambako uwiano huo hushuka hadi 0.33:

```
60 x (1.02 - 0.33) = 41 kVAr
```

kVA zikashuka hadi 63. Kufika 1.0 kungetaka karibu kVAr 20 zaidi kwa faida ya kVA 3 tu, na mota zikizimwa ungezidisha.

Dukani, soma volti zilizoandikwa kwenye kapasita. Nguvu yake hufuata mraba wa volti: ya 50 kVAr iliyoandikwa 440 V, kwenye laini ya 400 V inatoa kama 41. Ndiyo tuliyohitaji, tukaigawa 10, 20 na 20 kwenye paneli ya kujiwasha yenyewe, kwa sababu mchana mafundi wakila, mota nyingi hulala.

Wapo wanaofunga kapasita moja kwa moja kwenye mota. Inafaa, ila isizidi asilimia 90 ya umeme wa sumaku wa mota hiyo. Mota ya 15 kW inayovuta ampea 11 bila mzigo:

```
0.9 x 1.732 x 400 x 11 / 1000 = 6.9 kVAr
```

Ukizidisha kwenye msumeno wa mkanda, magurudumu yake mazito huendelea kuzunguka baada ya kuzima, na mota hugeuka jenereta. Pima kwenye vituo vya mota mara tu unapozima; volti zikipanda badala ya kushuka, kapasita ni kubwa mno. Kwenye stata ya sta-delta usiifunge hapo kabisa. Na ikiwa kapasita imekaa kati ya rilei ya ovalodi na mota, shusha seti ya rilei, kwani sasa rilei inapitisha ampea chache, na ikibaki ilivyokuwa mota itaungua rilei ikitazama.