Kwa nini vipeo lazima vilingane mpakani: sheria ya kuakisi na ya kupinda kutoka masharti ya mpaka

"Wakuu, niko Tanga, najisomea mawimbi ya sumaku-umeme. Kitabu kinaandika masharti ya mpaka kwa wimbi linaloingia kwa mshazari, halafu ghafla kinasema 'vipeo lazima vilingane', na sheria zote mbili zinadondoka hapo hapo. Mbona mimi naona wimbi linalorudi na linalopenya yangeweza kufidiana kwa ukubwa hata kama vipeo havilingani? Na je, hii kitu naweza kuipima nyumbani?"

Mkuu, kufidiana yanaweza, ila kwenye nukta moja tu, pengine mbili. Nukta ya tatu ndiyo inayovunja dili. Twende taratibu.

Weka uso wa maji kwenye bapa z = 0, hewa juu, maji chini. Mhimili wa x ulaze juu ya uso, kuelekea kule wimbi linakokwenda, ili wimbi linaloingia lisiwe na chochote upande wa y. Ili tusibebe vekta nyingi, chukua uga wa umeme uliolala kwenye y, yaani sambamba na uso wa maji. Sharti tunalolihitaji ni moja: uga wa umeme ulio sambamba na uso uwe sawa juu na chini ya mpaka. Hilo linatoka kwenye sheria ya Faraday. Chora mstatili mwembamba unaoukumbatia mpaka, kisha ufinye unene wake mpaka uishe. Eneo limekwisha, kwa hiyo hakuna uga wa sumaku wa kupita ndani yake, na jumla ya uga wa umeme kuuzunguka mstatili inabaki sifuri. Ubavu wa juu na wa chini hauna budi kulingana.

Sasa gandisha wakati. Juu kuna mawimbi mawili, linaloingia na linalorudi. Chini kuna moja, lililopenya. Sharti linasema hivi:

```
A e^(iax) + B e^(ibx) = C e^(icx)     kwa kila x
```

A, B na C ni ukubwa wa mawimbi. Herufi a, b na c, ndizo vipeo unavyouliza, ni radiani ambazo kila wimbi linapiga kwa kila mita unayotembea juu ya uso. Maneno "kwa kila x" ndiyo yenye kazi yote, na ndiyo watu wanayoyaruka. Wengi huweka x = 0, wanapata A + B = C, wanaridhika. Ukiishia hapo, kweli huna sababu yoyote ya kusema a, b na c zinalingana.

Piga vijiti vitatu juu ya uso: kimoja kwenye x = 0, cha pili kwenye h, cha tatu kwenye 2h. Kwa ufupi andika u = e^(iah), v = e^(ibh), w = e^(ich). Vijiti vinatoa milinganyo mitatu:

```
A    + B    = C
A u  + B v  = C w
A u² + B v² = C w²
```

Zidisha wa kwanza na wa tatu: upande wa kulia unapata C²w². Panda wa pili kwa kipeo cha 2: upande wa kulia unapata C²w² vilevile. Basi pande za kushoto nazo ni sawa:

```
(A + B)(A u² + B v²) = (A u + B v)²
AB (u² + v²) = 2AB uv
AB (u − v)² = 0
```

Mstari wa mwisho ndio jibu lako. Kama wimbi linaloingia lipo na linalorudi lipo, AB si sifuri, kwa hiyo u = v. Na kwa kuwa h ni yoyote, hata ndogo kiasi gani, a = b. Rudi mlinganyo wa pili: (A + B)u = Cw, na A + B ni C, basi u = w pia, mradi kuna kilichopenya. Kwa hiyo a = b = c. Hakuna fizikia iliyoingia hapa zaidi ya kusema sharti ni la mstari, na ni lilelile kila mahali juu ya uso.

Rudia hesabu hiyohiyo kwa wakati badala ya x, vijiti viwe sekunde, utapata frikwensi ni moja kwa mawimbi yote matatu. Irudie kwa y: linaloingia halina sehemu ya y, kwa hiyo na mengine hayana, na miale yote mitatu inalala kwenye bapa moja. Kauli hiyo vitabu vya sekondari huitaja kama sheria ya pekee, lakini ni tawi la mti uleule.

Sasa pembe. Zipime kutoka mstari unaosimama wima juu ya uso, si kutoka uso wenyewe. Hapo wengi huharibu na kupata kosaini mahali pa saini. Sehemu ya vekta ya wimbi iliyolala juu ya uso ni k sin θ. Linaloingia na linalorudi yako hewani na yana frikwensi moja, kwa hiyo k ni ileile, na a = b inageuka kuwa θ ya kuingia = θ ya kurudi. Lililopenya liko majini ambako k imezidishwa na n ya maji, na a = c inatoa:

```
n1 sin θ1 = n2 sin θ2
```

Kwenye wimbi linalorudi, angalia alama: sehemu yake ya z inageuka, ya x haigeuki. Ukigeuza zote mbili utapata mwale unaorudi ulikotoka, na hapo utakuwa umevunja a = b bila kujua.

Chukua namba. Leza ya kijani ina urefu wa wimbi wa nanomita 532 hewani. Iingie kwa digrii 50. Ukitembea juu ya uso, kilele hadi kilele ni 532 / sin 50°, yaani kama nanomita 694. Nafasi hiyo ndiyo isiyobadilika. Maji ya bahari yana n ya takriban 1.34, kwa hiyo ndani yake urefu wa wimbi ni nanomita 397. Wimbi la 397 likitaka kuweka vilele vyake kila baada ya 694 juu ya uso, halina njia nyingine ila kujilaza kwenye pembe ambayo saini yake ni 397/694 = 0.572. Hiyo ni digrii 34.9. Mpindo wa nuru ni huo tu: kilele cha chini kinalazimishwa kukutana na kilele cha juu.

Ukitaka kujua kiasi gani kinarudi, hapo sasa unahitaji sharti la pili, la uga wa sumaku. Kwa mfano huu B/A inatoka kama −0.26, yaani karibu asilimia 7 ya nguvu inarudi. Ona tofauti: pembe hazikuuliza sharti linasema nini, ziliuliza tu kama linatumika kwa namna moja kila mahali. Ndiyo maana mawimbi ya bahari nayo yanapinda. Pale pwani mawimbi marefu huenda kwa kasi ya √(gd), ambapo d ni kina. Kutoka kina cha mita 4 hadi mita 1, kasi inashuka nusu. Wimbi lililokuja na pembe ya digrii 40 kutoka mstari wa wima wa pwani linaishia na digrii 19, vilele vyake karibu vikilala sambamba na ufukwe. Kina kinabadilika polepole, hakuna mpaka mkali, lakini kwa kuwa hakibadiliki ukitembea kando ya pwani, nafasi ya vilele kando ya pwani inabaki ileile.

Rudi kwenye leza, tuingie kutoka upande wa maji kwa digrii 60. Sasa 1.34 × sin 60° ni 1.16, na hakuna pembe yenye saini hiyo. Watu husema "sheria imeshindwa". Haijashindwa: a = c bado ni kweli, ila sehemu ya z hewani imekuwa namba ya kufikirika. Maana yake, wimbi hewani linatembea juu ya uso na kufifia kwenda juu, likipungua hadi 1/e ya ukubwa wake ndani ya nanomita 144 hivi. Kwa maji haya jambo hilo linaanza kwenye digrii 48.3.

Kupima nyumbani inawezekana. Tafuta beseni la kioo au plastiki angavu, maji yawe na kina cha sentimita 20. Maji ya bahari ya Raskazone, hapo hapo Tanga, yanafaa, yakiwa yametulia na kuchujwa. Leza ipige kutoka juu, moja kwa moja kwenye uso wa maji, isipitie ubavu wa beseni, la sivyo unaongeza mpaka mwingine. Weka alama chini ya beseni mahali ambapo mwale ungegusa kama usingekuwa na pembe, wima kabisa chini ya nukta unapoingia. Tone mbili za maziwa zinatosha kuuonyesha mwale. Ukizidisha unabaki na ukungu. Kwa digrii 50, beseni tupu litakupa alama kwenye sentimita 23.8 kutoka wima, likiwa na maji ya bahari 13.9. Na usiweke jicho kwenye njia ya ule unaorudi. Kwa leza yenye nguvu, hata hizo asilimia 7 zinaweza kuumiza.

Usitarajie kutofautisha maji ya chumvi na ya bomba kwa njia hii. Ya bomba, n yake 1.333, yangekupa sentimita 14.0, tofauti ya milimita moja, na kukosea pembe ya leza kwa digrii moja tu kunahamisha alama kwa milimita 3. Ukipata namba inayokuvutia kwenye desimali ya tatu, umeipata kwa bahati.

Kama unataka kuona hoja ya "kila x" inavyoanguka, elekeza leza wima kwenye CD. Mifereji yake iko umbali wa mikromita 1.6, kwa hiyo uso si uleule kila mahali, unajirudia tu kila baada ya 1.6. Vilele vinaruhusiwa kulingana mferejini hadi mferejini badala ya kila nukta, na kipeo kinaweza kuongezwa 2π/d, ambapo d sasa ni umbali kati ya mifereji. Utaona doa la pili kwenye digrii 19.4 (saini yake ni 0.532/1.6), pamoja na lile la kawaida linalorudi wima. Uso unaotembea nao unavunja upande wa wakati: kioo kinachokukimbilia kinarudisha frikwensi nyingine, na pembe mbili hazilingani tena. Kwenye kristali ambayo n inategemea mwelekeo, a = c inabaki, ila huwezi kugawanya saini kwa n moja; inabidi utafute pembe na n kwa pamoja.