Kwa nini mgonjwa wa TB mwenye kinga imara ndiye anayeambukiza zaidi

"Wakuu, darasani tumeambiwa granuloma ni ukuta wa mwili dhidi ya TB. Mbona mgonjwa mwenye VVU na CD4 ya chini makohozi yake yanatoka hasi na picha ya kifua haina shimo, halafu yule mwenye kinga nzuri ndiye mwenye shimo na anaambukiza watu? Ukuta si ungemsaidia?"

Utaelewa vizuri ukiacha kwanza wazo kwamba bakteria wa TB ndiye anayelitoboa pafu. Sehemu kubwa ya uharibifu unaouona kwenye picha hufanywa na kinga ya mgonjwa mwenyewe. Ukilishika hilo, hao wagonjwa wako wawili hawapingani hata kidogo.

Tuanze na hewa. Mwenye TB ya mapafu akikohoa, hutoa matone ya ukubwa mbalimbali. Makubwa huanguka chini au hunaswa puani na kwenye koo la mtu mwingine, kisha husukumwa nje pamoja na ute. Hayo hayana shida sana. Yenye hatari ni yale madogo yanayokauka hewani na kubaki chembe za mikromita 1 hadi 5, kila moja ikiwa na bakteria wachache. Chembe hizo huelea kwa saa kadhaa kwenye chumba kisichopitisha hewa, na ndizo ndogo kiasi cha kufika hadi kwenye vifuko vya hewa mwishoni mwa pafu. Ndiyo maana TB haipatikani kwa kushiriki vikombe wala kushikana mikono.

Ndani ya kifuko cha hewa kuna makrofaji inayommeza bakteria. Kwa kawaida kijifuko chenye kilichomezwa huungana na kingine chenye asidi na vimeng'enya, na mchezo unaishia hapo. Bakteria wa TB huzuia muungano huo, akabaki salama ndani ya seli iliyotakiwa kumuua. Hujigawa polepole, mara moja kwa takriban saa 20, lakini hana haraka, kwa sababu jeshi lenyewe halijaitwa bado. Ni lazima seli nyingine zimbebe hadi kwenye tezi za limfu za shina la pafu, seli T zimtambue pale, ziongezeke, ndipo zirudi kifuani. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Kipimo cha ngozi nacho huchukua wiki 2 hadi 8 tangu maambukizi kabla ya kuwa chanya, kwa hiyo ukimpima mtu siku chache baada ya kukutana na mgonjwa ukapata hasi, hujathibitisha chochote.

Seli T zikifika, granuloma kamili hujengwa. Katikati kuna tishu iliyokufa, laini na nyeupe kama jibini, yenye oksijeni kidogo sana. Kuizunguka kuna makrofaji zilizobadilika umbo na kushikana, pamoja na seli kubwa za Langhans zenye viini vingi vilivyopangwa kando kama duara lililokatika. Nje yake kuna limfosaiti, kisha nyuzi za kovu. Bakteria walioko katikati wengi hupunguza shughuli zao, lakini si lazima wafe.

Naomba usiichore granuloma kichwani kama tofali na saruji. Ni seli hai zinazokufa na kubadilishwa kila mara, na zinashikiliwa mahali pake na ishara za kemikali, hasa interferoni-gama na TNF. Ushahidi ni wagonjwa wa baridi yabisi wanaotumia dawa za kuzuia TNF kama infliksimabu: TB iliyolala kwa miaka inaweza kuamka ndani ya miezi michache. Kwa sababu hiyo mtu hupimwa TB iliyolala kabla hajaanzishiwa dawa hizo.

Sasa shimo. Seli T zinapoishambulia granuloma kwa nguvu, makrofaji hutoa vimeng'enya vinavyomeng'enya kolajeni, yaani nyuzi zinazolipa pafu umbo. Kile kiini kilichokuwa kama jibini huyeyuka kuwa majimaji. Kingo zikila hadi kwenye ukuta wa njia ya hewa, majimaji yote humwagika humo na kukoholewa, na nyuma hubaki uwazi. Hapo mambo mawili hutokea kwa pamoja: oksijeni inaingia, na bakteria wanapata mlango wa kutokea nje. Kwenye granuloma iliyofungwa huenda walikuwa mamia au maelfu machache. Kwenye shimo wanaweza kufika milioni 100 au zaidi. Nguvu ya kinga ndiyo iliyoufungua mlango huo.

Chukua wagonjwa wawili wa mfano.

Wa kwanza ana miaka 34, hana VVU, amekohoa wiki sita na makohozi yana damu kidogo. Picha inaonyesha shimo juu ya pafu la kulia, na hadubini inatoa 3+, maana yake zaidi ya bakteria 10 kwa kila uwanja wa kuangalia. Wa pili ana VVU na CD4 60. Ana homa na amekonda, kikohozi ni kidogo. Picha inaonyesha tezi za shina la pafu zimevimba, bila shimo. Hadubini hasi, GeneXpert chanya.

Huyu wa pili hana bakteria wachache mwilini. Huenda anao wengi kuliko wa kwanza, wametawanyika hadi kwenye ini, wengu na uboho, kwa sababu hakuna seli T za kutosha kujenga granuloma imara wala kuiyeyusha. Bila shimo, wachache tu huingia kwenye makohozi. Hadubini huhitaji takriban bakteria 5,000 hadi 10,000 kwa mililita ili uwaone, ilhali GeneXpert huwagundua hata wakiwa mamia machache. Kwa hiyo hadubini hasi kwa mgonjwa huyu haimaanishi hana TB, wala haimaanishi hawezi kuambukiza. Picha inayoonekana safi pia isikutulize, kwani CD4 ikishuka sana hutokea.

Kwa wa kwanza, kazi ya kwanza ni hewa. Mpe yeye barakoa ya kawaida ili kunasa matone yanapotoka. Wewe unayemhudumia unahitaji ile ya N95, kwa sababu chembe za mikromita chache hupita pembeni mwa barakoa ya kawaida. Fungua madirisha ya pande zote mbili. Hewa ya chumba ikibadilishwa mara 12 kwa saa, asilimia 99 ya chembe huondoka kwa dakika 23 hivi. Ikiwa mara 6, ni dakika 46.

Wa pili atakushangaza baadaye. Akishaanza dawa za TB, kisha za VVU, seli T hurudi. Wiki chache baadaye homa inaweza kurudi na tezi kuvimba kuliko mwanzo, kwa kuwa sasa jeshi limewakuta bakteria, hata waliokufa, na linapigana nao. Wanafunzi wengi huandika hapo "dawa zimeshindwa". Kabla ya kuandika hivyo, hakikisha anameza dawa ipasavyo, angalia matokeo ya usugu wa rifampisini, tafuta maambukizi mengine, kisha linganisha CD4 na wingi wa virusi na vya mwanzo. Virusi vikiwa vimeshuka na hayo mengine hayapo, ni kinga inayorejea: dawa zote huendelea, na uvimbe ukiwa mkali daktari huongeza prednisoloni.