Kabla ya Kuzidisha Matriki, Andika Majina ya Mistari na Safu

Juma lililopita kijana mmoja wa Shela, aliye kidato cha tatu na ambaye hunijia jioni kwa masomo ya ziada, alinitumia picha ya karatasi yake ya mazoezi ya kuzidisha matriki. Swali la nne lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu, bila neno lolote pembeni. Aliniandikia: "Maalim, nimerudia hesabu mara tatu na kila namba iko sawa. Nimekosa wapi?" Niliipitia kazi yake mstari kwa mstari, na ni kweli, hapakuwa na kuzidisha wala kujumlisha kulikokosewa. Kosa lake lilikuwa moja tu: aliitanguliza matriki iliyopaswa kufuata.

Mimi nami nilikatwa hivyohivyo nilipokuwa na umri wake. Nilipouliza sababu, niliambiwa mbele ya darasa zima kwamba kanuni ni kanuni, wenzangu wakacheka, nami sikuuliza tena hadi nikamaliza shule. Jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu sababu ipo na haichukui dakika tano kuieleza. Niliielewa baadaye, nje ya darasa kabisa, nikiwa nimeketi karibu na gati la Lamu nikimwandikia mjomba wangu daftari la samaki. Yeye alinunua kwa wenye mashua na kuuza kwa wateja wawili, na kila jioni alitaka kujua samaki wa kila mashua wangemletea shilingi ngapi kwa kila mteja.

Swali la kijana wangu lilikuwa la aina hiyohiyo, nami nitalieleza kwa namba nyepesi. Mashua ya kwanza imeleta kilo 6 za changu na kilo 4 za nguru, na ya pili imeleta kilo 5 za changu na kilo 8 za nguru. Sokoni kilo ya changu ni shilingi 400 na ya nguru 600, ilhali hoteli hulipa 450 kwa changu na 500 kwa nguru. Tuiite matriki ya kilo K na matriki ya bei B. Katika K kila mstari unaolala ni mashua na kila safu inayosimama ni aina ya samaki. Katika B kila mstari ni aina ya samaki na kila safu ni mteja.

```
K = [6  4]      B = [400  450]
    [5  8]          [600  500]
```

Kuzidisha matriki ni kuchukua mstari mmoja wa matriki ya kushoto na kuukutanisha na safu moja ya matriki ya kulia, namba ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili, kisha kujumlisha. Basi katika KB, mstari wa mashua ya kwanza unakutana na safu ya soko: 6 mara 400 ni 2,400, na 4 mara 600 ni 2,400, jumla 4,800. Changu amekutana na bei ya changu, na nguru amekutana na bei ya nguru. Katika BK mambo hugeuka. Mstari wa kwanza wa B, ambao ni bei za changu, unakutana na safu ya pili ya K, ambayo ni kilo za nguru. Hapo unapata 400 mara 4, yaani bei ya changu imepigwa mara kilo za nguru, na hakuna mchuuzi Lamu nzima anayeuza hivyo.

```
KB = [4800  4700]      BK = [4650  5200]
     [6800  6250]           [6100  6400]
```

Zitazame matriki hizo mbili kwa makini. Namba zote zinafanana na fedha za kawaida za samaki, na hakuna hata moja inayokushtua. Hata ukijumlisha namba za mshazari, kutoka juu kushoto hadi chini kulia, zote mbili zinakupa 11,050, na hiyo si bahati ya mfano huu, kwani mshazari wa KB na wa BK hutoa jumla sawa daima. Ndiyo maana kijana alirudia mara tatu bila kuona kitu. Nilipomuuliza kwa nini alianza na B, alijibu kwamba swali lilitaja bei kwanza. Wengi huzidisha kwa mfuatano walioyasoma maneno, na mtunzi wa swali hana wajibu wa kuyapanga maneno yake kama matriki.

Kwa hiyo, kabla hujagusa namba yoyote, andika vipimo chini ya kila matriki, mistari kwanza, safu baadaye. Tuseme mashua hizo mbili zingeleta na tafi pia, na mteja akawa mmoja tu. K ingekuwa 2×3 na B ingekuwa 3×1. Ukiandika (2×3)(3×1), namba mbili za ndani ni 3 na 3, zinalingana, basi kazi inawezekana. Namba za nje, 2 na 1, zinakuambia kwamba jibu lina mistari miwili na safu moja. Chora mabano matupu ya umbo hilo papo hapo. Ukigeuza, (3×1)(2×3), ndani kuna 1 na 2, na huwezi hata kuanza: kila mstari una namba moja na kila safu ina namba mbili. Wateja wakiwa wawili, KB itakuwa 2×2 na BK itakuwa 3×3, zote zinawezekana, ila umbo la jibu litakufichulia kosa, maana mashua mbili kwa wateja wawili haziwezi kutoa visanduku 9.

Lakini vipimo vina mpaka wake, na mpaka huo ndio uliomwangusha kijana wangu. Matriki zote mbili zikiwa 2×2, vipimo hukubali mpangilio wowote. Hapo andika majina badala ya namba: (mashua × samaki)(samaki × wateja). Jina la ndani ni samaki pande zote mbili, na jibu ni mashua kwa wateja, ndilo tulilotaka. Ukigeuza unapata (samaki × wateja)(mashua × samaki), na ndani wateja wamekutana na mashua. Tafadhali, mwanafunzi, usiruke hatua hii kwa sababu una haraka. Nawe mwalimu mwenzangu, unapokata swali kama hili, zungushia hayo majina mawili ya ndani, mtoto aone kilichomponza.

Ukimaliza, jumlisha kila safu ya K: changu wote ni kilo 11, nguru wote ni kilo 12. Wakiuzwa sokoni, 11 mara 400 ni 4,400 na 12 mara 600 ni 7,200, jumla 11,600. Safu ya kwanza ya KB ni 4,800 na 6,800, nayo ni 11,600. Safu ya kwanza ya BK ni 4,650 na 6,100, yaani 10,750, shilingi 850 pungufu. Kijana alirudia swali lake kwa njia hiyo usiku uleule, akanitumia picha ya pili ikiwa na majina yameandikwa juu ya kila safu na pembeni mwa kila mstari, na safari hii jumla zake zote mbili zilikubaliana.