Matone ya vitamini A

"Mafuta tunayopikia yameandikwa yana vitamini A. Matone ya kliniki ya nini tena kwa mtoto wa miezi 8?"

Mpeleke tu. Umri huo anaambulia kijiko kidogo cha mafuta, na yakiuzwa kwenye chupa angavu juani, vitamini hupungua. Matone hayo hutoka kwenye kidonge laini cha bluu chenye yuniti 100,000 za vitamini A. Nesi anakata ncha na kumkamulia mdomoni. Akitimiza mwaka ni chekundu, 200,000, kila miezi 6.

Wapo wanaosema matone haya ni ya macho tu; wamepatia nusu. Kule Aceh, Indonesia, utafiti wa daktari Alfred Sommer wa 1986 ulikuta vifo vya watoto waliopewa vitamini A vimepungua kama asilimia 34. Utafiti mkubwa wa baadaye India uliona tofauti ndogo mno, na wataalamu bado wanabishana. Kama mtoto wako alishapewa matone mwezi huu, mwambie nesi kwanza.