Mauzo ya saa saba usiku ni ya siku ipi? Namna ya kuweka mpaka wa siku ya biashara

Mgahawa unaochoma mishikaki hadi saa nane usiku una shida ambayo duka la vifaa vya ujenzi halina. Siku yake haiishi saa sita usiku. Muuzaji yuleyule, droo ileile, wateja walewale wanaendelea, lakini mfumo wa mauzo umeshageuza tarehe. Asubuhi bosi anahesabu pesa, anafungua ripoti ya jana, na hesabu mbili hazikutani.

Nafunga na kurekebisha mifumo ya mauzo kwa wafanyabiashara wa Mtwara na Lindi, na ugomvi wa namna hii nimeukuta mara nyingi kuliko hitilafu nyingine yoyote. Mama mmoja mwenye mgahawa karibu na stendi aliniambia, "Kaka, huu mfumo unanigombanisha na vijana wangu. Leo pesa zimezidi, kesho zimepungua." Vijana wake hawakuwa wezi. Nitautumia mgahawa wake kama mfano, ila kiasi cha pesa nimekibadilisha ili hesabu iwe rahisi kufuata.

Pale wanafungua saa kumi na moja alfajiri kwa supu na chapati za abiria wa mabasi ya Dar, na wanafunga kama saa nane usiku. Wana simu mbili za kuuzia: moja kaunta, moja nje kwenye jiko la kuchomea. Zote zinauza hata mtandao ukikatika, kisha zinasinki, yaani zinatuma mauzo yake kwenye seva, mtandao ukirudi.

Chukua Jumamosi moja. Kuanzia alfajiri hadi saa sita usiku waliuza 612,000. Baada ya saa sita hadi kufunga wakauza 148,000. Pesa iliyokabidhiwa ni 760,000, na ndiyo mauzo halisi ya Jumamosi. Ripoti ya mfumo, iliyokata saa sita kamili, ilionyesha 743,000. Kwa nini si 612,000? Kwa sababu usiku wa Ijumaa nao ulikuwa na mkia wake wa 131,000 uliouzwa baada ya saa sita, na mkia huo ukaingia Jumamosi. Siku imepoteza mkia wake na kupewa mkia wa jirani. Tofauti inayobaki ni 17,000 tu, na hapo ndipo hatari ilipo. Tofauti ya 148,000 ingemfanya mtu aukague mfumo. Tofauti ya 17,000 inamfanya amkague mtu.

Ongeza sasa suala la kusinki. Usiku ule simu ya jikoni ilikosa mtandao tangu saa nne, ikasinki Jumapili saa tatu asubuhi. Kabla ya saa sita ilikuwa imeuza 60,000. Mfumo ukihesabu kwa muda ambao muamala umefika kwenye seva, hizo 60,000 nazo zinahamia Jumapili, na Jumamosi inasomeka 683,000. Pesa mkononi imezidi kwa 77,000, na mapungufu yatajitokeza siku inayofuata, muuzaji mwingine akiwa zamu.

Kwa hiyo jambo la kwanza kukagua, kabla hata ya kufikiria mpaka, ni kama mfumo wako unatunza nyakati mbili tofauti kwa kila muamala: wakati wa kuuza kwa saa ya simu, na wakati wa kufika kwenye seva. Mingi hutunza zote, kisha ripoti ikatumia ule usiofaa. Jaribu hivi: zima data, uza kitu kidogo usiku, washa data asubuhi, uone mauzo yameangukia siku gani. Yakiangukia siku ya kusinki, mpaka wowote utakaouweka hautasaidia kitu hadi hilo lirekebishwe.

Mpaka wenyewe unawekwa wapi? Uweke kwenye saa ambazo hakuna anayeuza. Toa orodha ya miamala ya wiki zenye kazi nyingi zaidi, ipange kwa saa, utafute pengo. Kwa huku kwetu usiangalie mwezi mtulivu. Angalia msimu wa korosho, minada inapoendelea kuanzia Oktoba, kwa sababu pesa za korosho zinasogeza saa za kufunga mbele. Mgahawa huu kwa kawaida una pengo kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, lakini msimu ukichanganya, mauzo ya mwisho hufika saa tisa. Tuliweka saa kumi alfajiri. Wengi hupenda kuweka katikati ya pengo. Mimi naegemea upande wa kufungua, kwa kuwa saa ya kufungua haibadilikibadiliki, maana basi la Dar haliwasubiri wateja wa supu, ila saa ya kufunga inategemea wateja wa mwisho.

Kanuni ni nyepesi: chukua wakati wa kuuza, toa saa nne, tarehe inayobaki ndiyo siku ya biashara. Muamala wa Jumapili saa saba na dakika ishirini usiku ukitoa saa nne unarudi Jumamosi saa tatu na dakika ishirini usiku, kwa hiyo ni wa Jumamosi. Supu ya Jumapili saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri inarudi hadi saa saba na dakika kumi usiku, bado ni Jumapili. Kwenye Excel, kama A2 ina tarehe na saa za hapa nchini:

```
=INT(A2-TIME(4,0,0))
```

Jibu lipe muundo wa tarehe, kisha jumlisha kwa safu hiyo. Kwenye PostgreSQL, kama `sold_at` ni ya aina ya `timestamptz`:

```sql
((sold_at AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam') - INTERVAL '4 hours')::date
```

Kuna tahadhari moja kuhusu kuandika saa. Skrini ya mipangilio inataka 04:00 kwa saa kumi alfajiri. Nimekuta mahali pameandikwa 10:00 kwa sababu mwenye duka alifikiria "saa kumi", na mfumo ukawa unafunga siku saa nne asubuhi.

Hiyo sehemu ya `Africa/Dar_es_Salaam` usiiruke. Seva nyingi zinatunza muda kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu mwaka mzima. Ripoti inayogawa siku kwa tarehe ya UTC inakata saa tisa usiku wetu. Mgahawa unaofunga saa nane utaona ripoti zote ziko sawa na kudhani kuna mtu aliyepanga vizuri. Ni bahati tu. Ukifika msimu ambao mishikaki inauzwa hadi saa tisa na nusu, bahati hiyo inaisha ghafla na hakuna anayeelewa kilichobadilika. Kibaya zaidi ni kutoa saa nne kwenye muda wa UTC bila kuubadilisha kwanza. Hapo mpaka unahamia saa moja asubuhi, na supu yote ya alfajiri inahesabiwa jana.

Kulitambua ni rahisi. Ukiwa umehifadhi jibu la kanuni ile kwenye safu ya `business_date`, kwa kila siku ya biashara toa muamala wa kwanza na wa mwisho kwa saa zetu:

```sql
SELECT business_date,
       MIN(sold_at AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam'),
       MAX(sold_at AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')
FROM sales GROUP BY business_date ORDER BY 1;
```

Wa kwanza uwe karibu na saa unayofungua mlango, wa mwisho uwe karibu na saa unayofunga. Ukiona kila siku inaanza baada ya saa moja asubuhi wakati jiko huwaka saa kumi na moja, tatizo ni UTC. Ukiona muamala mmoja umekaa peke yake katikati ya pengo, ishuku saa ya simu.

Saa ya simu inastahili neno, maana mpaka wote umesimama juu yake. Simu iliyozimika kwa kuisha chaji, au ambayo kijana ameondoa mpangilio wa saa otomatiki, inaweza kuuza kwa tarehe isiyo yake. Washa saa otomatiki kwenye kila simu. Kama unaweza kuongea na aliyetengeneza mfumo, mwombe simu inaposinki itume pia saa yake ya wakati huo, ili seva ilinganishe na yake. Zikipishana zaidi ya dakika chache, miamala ya simu hiyo ikaguliwe kabla ya kuingia kwenye jumla. Muamala ulioonekana kufika kabla haujauzwa hauhitaji mjadala, saa ya simu iko mbele.

Bado kuna swali la siku ambayo imeshafungwa kisha mauzo yake yanafika. Mpaka ukiwa sahihi, zile 60,000 na mkia wa simu ya jikoni zitaingia Jumamosi zikisinki, lakini bosi akifungua ripoti Jumapili saa moja asubuhi atakuwa hajaziona. Kwa hiyo ripoti ionyeshe kila simu imesinki mara ya mwisho lini. Kama simu ya jikoni inasoma saa nne usiku, jumla ya Jumamosi haijakamilika, na asiitwe mtu kuulizwa. Siku ifungwe pale tu simu zote zitakapokuwa zimesinki baada ya saa kumi alfajiri. Ikitokea simu imekwama siku mbili, mauzo yake yabaki na siku yake ya biashara, lakini yaonekane kwenye mstari wa peke yake wa yaliyochelewa. Jumla iliyokwisha kusainiwa isibadilike kimyakimya.

Bili iliyofunguliwa saa tano usiku na kulipwa saa saba ihesabiwe kwa muda wa malipo, kwa kuwa ndio muda pesa ilipoingia kwenye droo.

Siku ya biashara ni kwa ajili ya jumla zako za ndani tu. Risiti ya EFD inabaki na tarehe na saa iliyotolewa, usijaribu kuirudisha nyuma. Vivyo hivyo ukilinganisha malipo ya lipa namba na taarifa ya kampuni ya simu, tumia tarehe na saa halisi ya muamala, kwa sababu taarifa yao inageuza siku saa sita usiku na haijui mpaka wako. Ndiyo maana kila muamala unapaswa kubaki na vyote: wakati halisi na siku ya biashara.

Hoteli za kulala wageni na vituo vya mafuta vinavyouza usiku kucha havina pengo. Huko sitafuti saa tulivu. Naweka mpaka kwenye makabidhiano ya shifti, muuzaji anapotoka ahesabiwe na simu yake isinki papo hapo, mbele ya anayempokea.

Ukiamua kubadilisha mpaka, ubadilishe kuanzia tarehe fulani kwenda mbele, na siku ya biashara ihifadhiwe ndani ya kila muamala badala ya kukokotolewa upya kila ripoti inapofunguliwa. Vinginevyo, ukisogeza kutoka saa tisa hadi saa kumi leo, ripoti za miezi iliyopita ulizokwisha kuzichapa zitabadilika, na karatasi kwenye faili haitalingana tena na skrini.