Mota au seti mpya ya kusagia: nifuate hesabu ipi?

"Wakuu, nina mashine ya kusaga ya dizeli. Nafikiria kutoa injini niweke mota, au ninunue seti mpya nzima. Muda wa kurudisha mtaji na kiwango cha faida cha ndani vinasema mota. Thamani halisi ya sasa inasema seti mpya. Nimsikilize nani?"

Mkuu, nilikwama hapo hapo na mashine yangu, kwa hiyo nakupa namba zangu.

Kwanza nilikosea nikahesabu mapato yote ya mashine mpya, mtaji ukaonekana unarudi haraka ajabu. Lakini wateja wengi nilikuwa nao tayari. Kinachohesabiwa ni nyongeza tu, yaani pesa ambayo usingeipata ukibaki na dizeli. Hata milioni 1.8 niliyotumia kufufua injini mwaka uliotangulia niliiacha nje, maana haingerudi kwa uamuzi wowote.

Mota ilihitaji milioni 4 baada ya kuuza injini, na ingeniongezea milioni 1.5 kwa mwaka. Seti mpya ilihitaji milioni 10 baada ya kuuza ya zamani yote, nyongeza milioni 3.5. Nilipima miaka 5, kwa riba ya mkopo wangu, asilimia 18.

Mota ilirudisha mtaji kwa miaka 2 na miezi 8, faida ya ndani asilimia 25. Seti ilichukua miaka 2 na miezi 10, asilimia 22. Ila thamani halisi ya mota ilikuwa 691,000 na ya seti 945,000.

Ukitumia Ekseli, gharama ya leo usiiweke ndani ya mabano ya NPV, yaani thamani halisi ya sasa, kwa sababu itapunguzwa kana kwamba utailipa mwisho wa mwaka:

```
=NPV(18%,B2:B6)+B1
```

B1 ni gharama yenyewe, ikiwa hasi, na B2 hadi B6 ni nyongeza ya kila mwaka.

Asilimia inapendelea mradi mdogo: asilimia 25 ya milioni 4 na asilimia 22 ya milioni 10 si pesa sawa. Kwa hiyo pima tofauti yenyewe. Milioni 6 za ziada zinaleta milioni 2 za ziada kila mwaka, na faida yake ya ndani ni karibu asilimia 20. Inaishinda riba, kwa hiyo seti inashinda, ila kwa kiasi kidogo sana. Nyongeza hiyo ikishuka chini ya milioni 1.92, mota ndiyo bora.

Na zile milioni 2 zilitegemea wateja wanaokimbia foleni, kama shilingi 6,400 kwa kila siku ya kazi. Nilikaa mlangoni wiki mbili na daftari. Waliokuwa wanaondoka na debe lao ni wanne hadi watano kwa siku, kila mmoja akiniachia kama 1,500 baada ya umeme. Nikanunua seti. Kama kwako hakuna foleni, weka mota.